Fimbo Mbili na Goti Langu la Kushoto



Watu wa Kakanda wanaonikuta asubuhi nikishuka kutoka shambani hunicheka kidogo, nami siwalaumu. Mzee wa miaka sitini na moja anayeshuka kilima na fimbo mbili nyembamba za alumini mkononi, zenye ncha za chuma na mikanda kwenye vishikio, ni jambo geni katika mji wetu wa shaba na kobalti. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama ninatafuta madini kwa fimbo hizo. Nilimjibu kwamba ninatafuta goti langu la kushoto, nililolipoteza mwaka 2019. Hakuelewa, akaenda zake. Leo nataka kuwasimulia ninyi, kwa kuwa wengi wetu tunazeeka juu ya vilima hivi, na wengi wetu tumewahi kusikia goti likilalamika tunaposhuka.

Mwaka huo nilikwenda Goma kwenye harusi katika ukoo wetu. Baada ya sherehe, mtoto wa kaka yangu akaniambia, "Baba mdogo, huwezi kufika Goma na kurudi Katanga bila kupanda Nyiragongo." Nilikuwa nimefanya kazi ya machimbo miaka mingi, nikipanda na kushuka ngazi kila siku, na nilijiona mtu wa miguu. Tukaenda. Wakati huo safari ilianzia Kibati, kwenye kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga, nayo ilipanda karibu mita 1,500 mpaka ukingoni mwa kreta, kwenye kimo cha mita 3,470 hivi. Watu walilala huko juu katika vibanda na kushuka kesho yake.

Pale Kibati nilipewa fimbo moja ya mti. Niliitumia kupandia, nikafika juu nimechoka lakini mzima, nikauona ule moto unaochemka chini kabisa kama chungu cha ugali. Asubuhi, kwa kiburi ambacho hata leo kinaniaibisha, nikamwachia mtu mwingine fimbo yangu. Nilisema, kupanda ndiko kazi, kushuka ni kujiachia tu.

Saa ya kwanza sikuhisi kitu. Sehemu ya juu ya mlima ule ni kali, nayo imejaa mawe ya lava yanayobingirika chini ya kiatu, hivyo nilikuwa nikishuka kwa kurukaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Saa ya pili, maumivu yakaanza nyuma ya kifuniko cha goti la kushoto, kama mtu anayesukuma kidole gumba ndani. Saa ya tatu paja likaanza kutetemeka kila nilipoliwekea uzito. Ndipo mpagazi mmoja, kijana ambaye alikuwa akinitazama kwa muda mrefu bila kusema, akanipa fimbo zake mbili za kukunjwa, alizoachiwa na mgeni. Akaniambia, "Mzee, kushuka ndiko kunakoua magoti. Weka fimbo kwanza, mguu baadaye." Nilifika Kibati nikitembea kwa miguu yangu. Goti lilivimba siku sita, na halijarudi kuwa lile la zamani.

Maneno ya kijana yule yalinisumbua, kwa sababu yalipingana na nilivyoamini maisha yangu yote. Kwa nini kushuka kuumize kuliko kupanda, wakati pumzi yenyewe inasema kinyume? Nilikuja kuelewa nilipomkumbuka mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Kuivuta ndoo juu ni kazi ya nguvu, lakini kamba haiumizi sana viganja. Kuishusha polepole ikiwa imejaa, ukiiachia kamba huku unaizuia, ndiko kunakochuna ngozi. Msuli wa mbele wa paja hufanya kazi hiyohiyo. Unapopanda, hujikaza na kufupika, ukauinua mwili. Unaposhuka, mguu uliobaki nyuma, yaani ule wa juu, hukunjwa taratibu ili ule wa mbele ufike chini, na msuli wake hulazimika kurefuka huku ukiushikilia mwili mzima usianguke. Msuli unaorefuka chini ya mzigo huchanika vidogovidogo, na ndiyo sababu watu huamka siku ya pili baada ya mlima wakishindwa kushuka ngazi za nyumba. Tena msuli huo hupita juu ya kifuniko cha goti, na kadiri goti linavyokunjwa ndivyo unavyokikandamiza kifuniko dhidi ya mfupa wa paja. Lile "dole gumba" nililolihisi lilikuwa ukandamizaji huo. Kisha mguu wa mbele unatua, nao unapokea kishindo.

Fimbo mbili huingia katika kazi hiyo mahali pawili. Huchukua sehemu ya uzito wakati mguu wa nyuma unakunjwa, na huchukua tena wakati wa mbele unatua. Watafiti wa Salzburg, Austria, walichapisha mwaka 1999 vipimo vya watu waliotembea kwenye mteremko wa digrii 25, mara wakiwa na fimbo, mara bila fimbo. Nguvu zilizopita katika goti zilipungua kwa asilimia 12 hadi 25 walipotumia fimbo. Naomba tuitazame hesabu hiyo kwa uaminifu. Robo tatu au zaidi ya mzigo imebaki kwenye goti. Anayefikiri fimbo zitambebea mwili wake atasikitika.

Hata hivyo, sehemu hiyo ndogo hurudiwa mara nyingi. Nilifanya jaribio rahisi ambalo kila mmoja anaweza kulifanya penye mizani ya kusimamia. Nilisimama juu ya mizani, ikasoma kilo 74. Nikaziweka fimbo sakafuni pembeni mwake, nikazikandamiza jinsi ninavyozikandamiza kilimani, bila kujilazimisha. Mizani ikashuka mpaka 66. Kilo nane, basi. Sasa chukua mteremko wa mita 1,500 kama ule wa Nyiragongo, na tuseme kila hatua inakushusha sentimita 20. Hizo ni hatua 7,500, na kila goti linapata nusu yake, yaani 3,750. Zidisha kwa kilo nane: tani 30 ambazo goti moja halikuzibeba. Ni hesabu ya mtu wa machimbo, si ya maabara, maana hatua halisi hazilingani. Lakini ilinitosha kuniondolea aibu ya kushika fimbo.

Mtoto wa kaka yangu alininunulia jozi moja, akanitumia kwa basi mpaka Likasi. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndipo makosa yangu yalipoanza, na la kwanza lilikuwa la urefu.

Fimbo hizi zina mirija mitatu inayoingiana, yenye alama za sentimita. Mimi nilizirefusha mpaka mwisho kwa kufikiri kwamba ndefu ni imara zaidi. Mikono ikainuka hadi kifuani, mabega yakauma kuliko goti, na sikuweza kukandamiza hata kidogo, kwa kuwa mkono ulioinuliwa hauna nguvu ya kusukuma chini. Kanuni ni nyepesi. Vaa viatu utakavyotembelea, simama mahali tambarare, weka ncha ya fimbo karibu na kiatu, shika kishikio. Kiwiko kikikunjwa kama pembe ya meza, na kigasha kikilala sambamba na ardhi, huo ndio urefu wako wa tambarare. Mimi nina sentimita 172, na urefu wangu ni 117. Wengine huzidisha kimo chao kwa 0.68 na kupata hesabu ileile, lakini mikono ya watu haifanani, hivyo kiwiko ni mwamuzi bora kuliko hesabu.

Unapoanza kushuka, ardhi ya mbele yako iko chini zaidi, na fimbo yenye urefu wa tambarare itakulazimisha kuinama ili uifikie. Kuinama mbele kwenye mteremko ni kujiandalia kuanguka. Kwa hiyo huongezwa sentimita tano hadi kumi, kulingana na ukali wa kilima. Mimi hushukia 123. Nikipanda hupunguza kiasi kama hicho, hadi 110, ili mabega yasiinuke. Nikikata kilima kwa ubavu, upande mmoja juu na mwingine bondeni, sisumbuki na mirija. Mkono wa upande wa juu hushika fimbo chini ya kishikio, wa bondeni hushika kichwani.

Kila mrija una alama inayosema usivute zaidi ya hapa. Iheshimuni. Mrija uliovutwa kupita alama hiyo umeshikwa na kipande kidogo mno ndani ya mwenzake, na hupinda au kuvunjika hapohapo unapoutegemea. Alumini hupinda kwanza, ikakupa onyo. Zile za kaboni ni nyepesi zaidi, lakini huvunjika ghafla. Na kabla ya kila mteremko nafanya jambo moja: nasimamisha fimbo, naiegemea kwa uzito wote, nayo isipozama naianzisha safari. Somo hilo nalo lina historia yake. Fimbo zangu hufungwa kwa kuzungusha mirija, na nilipoona zimekuwa ngumu kuzunguka baada ya mvua za Januari, nikaweka mafuta ya mashine ndani. Zikazunguka vizuri ajabu. Siku iliyofuata moja ilijikunja yenyewe chini ya mkono wangu katikati ya mteremko, nikakaa chini kwa kishindo mbele ya mke wangu, ambaye hakuweza kujizuia kucheka. Kifungio cha namna hiyo hushika kwa msuguano, nami nilikuwa nimeuondoa. Kinachofaa ni kuitenganisha mirija baada ya mvua, kuipangusa matope, na kuiacha ikauke usiku kucha ikiwa wazi. Zile zinazofungwa kwa kikomeo cha nje huonyesha wazi kama zimekaza. Kama ningechagua mwenyewe ningechukua hizo.

Namna ya kushuka yenyewe niliifunza miguu yangu hapa hapa, kwenye vilima vya nyuma ya mji, vile vya shaba visivyoota miti mikubwa, vilivyofunikwa na changarawe inayoteleza kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Fimbo hutua kwanza. Unaikandamiza, ukiusikia uzito ukiingia mkononi, ndipo mguu unashuka kuifuata. Kama fimbo na mguu vinatua pamoja, au mguu unatangulia, basi fimbo ni pambo tu, kwa kuwa kishindo kimekwisha kupita gotini. Utajitambua kwa mikono: ukifika bondeni na misuli ya nyuma ya mikono haina uchovu wowote, magoti yamefanya kazi yote. Kwenye mteremko wa wastani, fimbo ya kulia huenda na mguu wa kushoto, na ya kushoto na wa kulia, kama mikono inavyopishana na miguu tunapotembea. Penye kingo kubwa, kama gema lililokatwa na maji, naziweka zote mbili chini kwa pamoja, viganja juu ya vichwa vya vishikio, kisha nateremsha mguu mmoja polepole. Hatua ziwe fupi, na goti linalotua liwe limekunjwa kidogo, kwa maana mguu ulionyooka hupeleka kishindo chote mfupani. Fimbo zisitupwe mbali mbele. Hatua moja ya mbele inatosha; zaidi ya hapo unajivuta kichwa chini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigharimu zaidi. Ukanda wa kishikio una matumizi yake: mkono huingia kutoka chini, ukanda unapita kati ya kidole gumba na kiganja, na uzito unakaa kwenye kifundo cha mkono bila vidole kukamata kwa nguvu. Kwenye njia ya kawaida ni raha tupu. Lakini kuna kilima upande wa shamba letu ambako mvua imechimba mifereji, na mawe yameachana na kuacha nyufa. Nilikuwa nikishuka hapo na mikono ndani ya mikanda. Ncha ya fimbo ya kulia ikaingia kwenye ufa na kunaswa, nami nilikuwa tayari nimetoa mguu. Mwili ukaenda, mkono ukabaki. Kidole gumba kilipindwa nyuma, na kwa miezi miwili sikuweza kufungua mfuniko wa chupa. Laiti mkono ungekuwa nje ya ukanda, ningeiachia fimbo na kuirudia. Tangu siku hiyo, nikiona mawe yenye nyufa, mizizi, au mahali ambapo kuanguka ni kuanguka kweli, naitoa mikono kwenye mikanda kabla ya hatua ya kwanza. Kile kisahani cha plastiki kilicho juu ya ncha nacho sikiondoi tena. Huzuia fimbo isizame kwenye tope na nyufa pana, ingawa hakiwezi kuzuia kila kitu.

Ipo pia hatua ambapo fimbo hazitakiwi kabisa. Mteremko ukiwa mkali kiasi kwamba unatafuta jiwe au shina la kushika, fimbo mkononi ni adui, kwa kuwa mkono ulioshika fimbo haushiki jiwe. Nimeona vijana wakiziacha zining'inie kwenye vifundo vya mikono huku wakishuka kwa kushikashika. Ncha zinachezacheza mbele ya miguu, na siku moja mguu utaikanyaga mojawapo. Simama mapema, mahali ambapo bado umesimama vizuri, usingoje mpaka uwe umening'inia. Zikunje mpaka ziwe fupi kabisa, vika ncha vifuniko vya mpira, zifunge ubavuni mwa mkoba, ncha chini, vishikio juu, na kamba mbili, moja chini na moja juu. Zisipite urefu wa kichwa chako, maana zitanasa kwenye matawi na kukuvuta nyuma, wala zisitokeze pembeni, kwa sababu unapopita karibu na mwamba zitaugonga na kukusukuma upande wa bonde. Kama ni hatua tatu au nne tu za kushika kwa mikono, inatosha kumpa mwenzako aliyetangulia, kishikio kikimwelekea yeye na ncha ikikuelekea wewe. Kuzirusha bondeni kwa matumaini ya kuziokota kunaonekana rahisi. Fimbo moja ya mpwa wangu bado iko mahali fulani chini ya Nyiragongo kwa sababu hiyo.

Najua wengi mtasema kwamba fimbo za namna hii haziuzwi Kakanda, nanyi mna haki. Mke wangu amekataa kabisa kuzitumia, tena kwa sababu nzuri: anashuka na mzigo kichwani na mkono mmoja umeushika, hivyo amebakiwa na mkono mmoja tu. Nilimkatia mti wa mkaratusi mnyoofu, unene wa kushikika, urefu wa kufika kifuani mwake. Fimbo ya mti hairefuki, lakini mkono unaweza kupanda na kushuka juu yake: juu anaposhuka kilima, chini anapopanda. Nikazungushia kipande cha mpira wa ndani wa kinga, yaani baiskeli, kutoka kifuani hadi kiunoni, ili mkono wenye jasho usiteleze popote utakaposhika. Yeye goti lake bovu ni la kulia, basi fimbo hukaa mkono wa kushoto na kwenda pamoja na mguu wa kulia. Mwanzoni aliishika upande uleule wa goti linalouma, kama tunavyofanya wote bila kufikiri, na mwili wake ukawa unaegemea upande mbovu kila hatua. Penye ngazi au kingo, fimbo na mguu mbovu hushuka kwanza, ule mzima unabaki juu kufanya kazi ya kuteremsha mwili. Wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia. Siku ya tatu alikuwa amezoea.

Goti langu mimi halikupona. Nikikaa muda mrefu hulia linaponyooka, na asubuhi za baridi za Juni hunikumbusha. Nikishuka bila fimbo, hata kilima kidogo kile cha kuelekea mtoni, dole gumba lile linarudi baada ya robo saa. Nikishuka nazo, nafika nyumbani, naziegemeza mlangoni, na mke wangu anaegemeza mkaratusi wake kando yake.